Kila kaya imesaini, lakini stoo haikubali

*Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kamati ya maafa ya kijiji, bonde la Rufiji. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 tuliletewa marobota 20 ya blanketi, 25 kila robota, na mifuko 60 ya unga ya kilo 50. Tuligawa kwa kaya 186 zenye watu 903: kaya ya watu 1 hadi 4 blanketi 2, kuanzia watu 5 blanketi 3, na unga kilo 3 kwa kila mtu, tukipima kwa kopo. Daftari linasema zibaki blanketi 23 na unga kilo 291. Stoo nimekuta blanketi 16, mifuko minne mizima na mmoja uliofunguliwa wenye kilo 23. Kila kaya imesaini. Mwenzangu kwenye kamati anashauri tuongeze blanketi mojamoja kwenye kaya saba kubwa ili hesabu ikae sawa. Nifanyeje, na mgao ujao niandike vipi?*

Marahaba, mwanangu. Usiongeze hata moja. Ushauri wa mwenzako ndio utakaokufanya wewe uonekane mwizi, na sababu yake ni ya kihesabu kabla haijawa ya kimaadili. Kanuni yenu ni mbili au tatu. Mkaguzi yeyote atakayelishika daftari lako ataanza kwa kulinganisha idadi ya watu na idadi ya blanketi, mstari kwa mstari, na kaya saba zenye blanketi nne zitamrukia machoni kama nzi kwenye maziwa. Atakwenda kuwauliza wenyewe, watasema walipewa tatu. Hapo upungufu wa blanketi saba, ambao ungeweza kuelezeka, unageuka kuwa daftari la uongo lenye saini yako.

Mimi nimetunza stoo za misaada kwa miaka mingi, na sikumbuki mgao mkubwa ambao hesabu ilikaa sawa bila kupishana hata kilo. Daftari linalolingana na stoo hadi kijiko cha mwisho ndilo linalonitia shaka. Upungufu wako ni blanketi 7 na unga kilo 68. Tuufuate, kwa sababu namba ulizonipa tayari zinaeleza mengi.

Anza na mifuko mitupu. Watu huwa hawaifikirii, lakini ni ushahidi mzuri kuliko saini. Mlipokea mifuko 60. Minne mizima ipo na mmoja umefunguliwa, kwa hiyo lazima mahali fulani pawe na mifuko mitupu 55. Ihesabu. Iliyokwisha kugeuzwa mikeka au kubebea mkaa itafute, uliza nani kaichukua. Ukiipata 55, huenda unga mwingi uliopungua ulitoka kwa kopo, kidogokidogo, mbele ya macho yenu. Ukipata 54, huenda mfuko mmoja uliondoka mzima, na kilo 50 kati ya zile 68 zina njia yake. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa, na hakuna saini hata moja itakayokuonyesha ipi ni ya kweli.

Tuseme umeipata yote 55. Sasa chukua lile kopo. Mwite yuleyule aliyekuwa akipima, si mtu mwingine, maana mkono wake ndio tunaoupima, na mwambie ajaze mara kumi kama alivyokuwa akijaza siku ile. Pima kwa mizani ya dukani. Kabla ya hapo ijaribu mizani yenyewe: katoni ya maji yenye chupa 12 za lita moja na nusu ina kilo 18 za maji, plastiki na boksi vikiongeza kidogo tu. Ikisoma 16 au 20, tafuta mizani nyingine.

Makopo kumi yangepaswa kuwa kilo 30. Ukikuta kilo 30 na nusu, kila kopo lilizidi gramu 50. Ni kidogo sana, ni kile kichuguu kinachobaki juu ya kopo mpimaji anapoona haya kukikata mbele ya mama mwenye watoto. Lakini mlipima mara 903. Gramu 50 mara 903 ni kilo 45 na ushei. Kati ya kilo 68 zako, kilo 45 zimeliwa na walengwa wenyewe, kihalali kabisa, ila hazikuandikwa popote. Siwalaumu. Nimewahi kusimama mbele ya foleni ya namna hiyo na mkono wangu pia haukukata.

Zinabaki kilo kama 23. Hapo uliza swali ambalo kamati nyingi hazipendi kuulizwa: kuna mtu alipewa baada ya daftari kufungwa? Usiulize kwenye kikao. Muulize kila aliyekuwa mezani peke yake, kwa upole. Karibu kila mgao kuna familia inayofika jioni kutoka shamba, wakati meza zinakunjwa, na kuna mtu mwenye huruma aliyewapa akasema ataandika kesho. Kwenu Rufiji jambo hili ni jepesi zaidi kutokea, kwa sababu watu wanakaa kwenye madungu mashambani na maji yanapopanda wengine huchelewa kutoka.

Tuseme wapo, familia ya watu watano. Kwa kanuni yenu walipata blanketi 3 na unga kilo 15. Zingatia kwamba jibu moja limegusa pande zote mbili, blanketi na unga. Ndiyo maana nakwambia usizifuate bidhaa hizi mbali mbali kama kesi mbili. Kaya iliyosahaulika huacha pengo kila safu, na pengo linalolingana na kanuni ni ishara nzuri kwamba ni kaya, si mkono mrefu. Mtu anayeiba blanketi tatu hachukui pamoja nazo kilo 15 kamili za unga.

Sasa unga umebakiza kilo saba au nane zisizo na maelezo. Mfuko uliochanika njiani, vumbi la sakafuni, unga ulioganda kwa unyevu kwenye pembe za mifuko. Kwa mifuko 60 iliyosafirishwa wakati wa mafuriko sitashangaa. Usiipachike sababu moja kwa kubahatisha. Andika kwamba haikupatikana sababu.

Blanketi ni ngumu zaidi, kwa kuwa haimwagiki. Ukitoa zile 3 za familia ya jioni zinabaki 4. Lipitie daftari lote mstari kwa mstari ukiangalia vitu viwili tu, idadi ya watu na idadi ya blanketi. Unatafuta kaya iliyovunja kanuni. Tuseme mstari wa 118 una watu 6 na blanketi 2. Hiyo ilistahili 3. Ama alipunjwa, ama alipewa tatu na mwandishi akakosea. Mwende wawili nyumbani kwake mkamuulize amepata ngapi, bila kumtajia kwanza namba ya daftarini, maana ukimwambia "hapa imeandikwa mbili, si ndiyo?" atakujibu ndiyo ili muondoke.

Akisema tatu, na blanketi zipo, unarekebisha. Na hapa uelewe tofauti kati ya kurekebisha na kupika. Kurekebisha ni kuchora mstari mmoja juu ya ile 2 ili iendelee kusomeka, kuandika 3 pembeni, tarehe ya leo, herufi za majina yenu wawili, na saini mpya ya mwenye kaya. Usifute kwa wino mweupe, usikwangue kwa wembe, usibadili 2 kuwa 3 kwa kuikunja kichwa. Na ile familia ya jioni usiibane katikati ya mistari ya siku ile. Ipe namba 187, tarehe ya leo, na andika kwenye safu ya maelezo kwamba ilipokea siku ya mgao baada ya daftari kufungwa. Rekebisho halali hujitangaza lenyewe.

Sasa daftari linasema zimetoka blanketi 481 badala ya 477, salio 19, zilizopo 16. Upungufu ni 3. Hizo tatu huenda hazikufika kabisa. Zilizobaki kwako ni 16, pungufu ya robota moja, maana yake marobota yote ishirini yameshafunguliwa na ushahidi umeondoka na kamba zake. Nimeshafungua robota lililoandikwa 25 nikakuta 24. Hutokea kiwandani, hutokea mtu anapopenyeza mkono njiani. Lakini kwa kuwa hukuhesabu wakati wa kufungua, huwezi kuandika kwamba marobota yalikuwa na upungufu. Unaweza kuandika tu kwamba hayakuhesabiwa ndani yalipopokelewa. Ni sentensi inayokuuma, lakini ni ya kweli, na inamfunza mkaguzi kuziamini sentensi zako nyingine.

Mgao ujao anzia hapo, kwenye mapokezi. Dereva anakuletea hati ya kukabidhi mzigo inayosema marobota 20. Wewe huna muda wa kufungua yote huku lori linanguruma na mvua inanyesha. Saini, lakini kabla ya saini andika kwa mkono wako: "Nimepokea marobota 20, hayajahesabiwa ndani." Yaliyochanika au yaliyofungwa upya kwa kamba tofauti yatenge na uyahesabu palepale dereva akiwepo. Mengine utayahesabu siku ya kuyafungua, watu wawili, na idadi iliyokutwa iandikwe kwa peni nene kwenye kifungashio chenyewe pamoja na kwenye leja. Hifadhi vifungashio hadi hesabu ifungwe, kama mifuko mitupu.

Umeniambia kila kaya imesaini, na umeisema kama ngao. Nikuulize: walisaini wapi? Katika migao mingi meza ya kwanza mtu anaitwa jina, anasaini, kisha anasogea kwenye mzigo. Saini hiyo haisemi alipokea, inasema alikuja. Kati ya meza na rundo la blanketi kuna hatua kumi, na katika hatua kumi hizo mtu anaweza kupewa mbili badala ya tatu, au tatu badala ya mbili, na daftari halitajua kamwe. Hata mstari wako wa 118, kama upo, umezaliwa hapo.

Geuza mpangilio. Mlangoni akae mtu mwenye orodha, anaita namba na jina na kumtambua mtu. Yeye hagusi mzigo. Anampa kikaratasi kilichoandikwa namba ya kaya na stahili yake, kwa mfano "61, blanketi 3, unga kilo 18". Mtu anakwenda nacho kwa wagawaji, ambao hawana daftari. Wanampa kilichoandikwa. Anapotoka, mlango wa pili, ndipo penye rejesta. Mwandishi anapokea kikaratasi, anahesabu kwa macho blanketi mikononi mwa mtu, anaandika namba kwa wino, anaisoma kwa sauti, halafu mtu anasaini. Namba kwanza, saini baadaye. Ukiona rejesta yenye saini mbele ya safu tupu, ukiambiwa "namba tutajaza jioni", usiendelee na mgao. Saini iliyotangulia namba ni sawa na hundi isiyojazwa.

Vile vikaratasi usitupe. Jioni vitungwe kwa uzi kwa mpangilio wa namba. Ni hesabu ya tatu, iliyoandikwa na mkono mwingine, na ndiyo itakayokuambia rejesta ilikosea wapi.

Wasiojua kuandika waweke dole gumba, la mkono wa kushoto kwa wote ili lifanane ukurasa mzima. Pedi ya wino iwe na kitambaa cha kufutia, na mtu aguse, asikandamize. Dole lililozama kwenye wino huacha doa jeusi lisilo na mistari, na doa halimtambulishi mtu. Mwandishi aandike jina la mtu kando ya dole, na shahidi mmoja asaini. Shahidi huyo asiwe mgawaji. Ukitaka kujua kama saini za rejesta ni za kweli, huhitaji utaalamu wa polisi. Tazama ukurasa mzima kwa mbali: watu ishirini wa kijiji hawasaini kwa ukubwa mmoja, mlalo mmoja, na wino ule ule usiokatika hata mara moja. Na madole kumi yenye kovu lile lile katikati ni ya mtu mmoja.

Wazee, wagonjwa na waja wazito wataleta wawakilishi, ni haki yao. Lakini mwakilishi anasaini kwa jina lake mwenyewe, na uhusiano unaandikwa: "Kwa niaba, mjukuu." Asisaini jina la bibi. Akileta kijana mmoja niaba za kaya nne, mpe, ila mtu wa kamati azipitie kaya hizo siku ileile kabla jua halijazama.

Kuhusu karatasi yenyewe, usihangaike na muundo wa kifahari. Daftari kubwa la mistari lenye kurasa zilizoshonwa, lisilo la kuchomoa, kurasa zote zimepewa namba kabla ya siku ya mgao. Safu ni namba ya kaya, jina la mkuu wa kaya, kitongoji, idadi ya watu, blanketi anazostahili, blanketi alizopokea, unga anaostahili, unga aliopokea, saini au dole, maelezo. Watu hunilalamikia kwamba kuandika stahili na alichopokea ni kurudia namba ileile mara mbili. Ni kweli, siku nyingi zinafanana. Safu mbili zipo kwa ajili ya ile siku moja ambayo hazifanani.

Ukurasa wa kwanza kabisa andika kanuni ya mgao na kwa nini mliichagua, na wajumbe wasaini. Kwenu kuna jambo la kueleza: viwango vya kimataifa vya misaada, vile vya Sphere, vinataka blanketi moja walau kwa kila mtu, nanyi mlikuwa na 500 kwa watu 903. Ndiyo maana mkagawa mbili na tatu. Unga kilo 3 kwa mtu, akila gramu 400 kwa siku, unakwenda siku saba na nusu, na unampa kama theluthi mbili ya kalori 2,100 zinazohesabiwa kwa siku. Yaandike hayo, maana miezi sita baadaye atakuja mtu kuuliza kwa nini kaya ya watu tisa ilipata blanketi tatu, na wewe utakuwa umesahau au umehama.

Na neno kaya lipeni maana palepale. Mimi huandika: kaya ni wale wanaokula chungu kimoja. Mwanamume mwenye wake wawili, kila mke na jiko lake, hizo ni kaya mbili, na kila mke anaandikwa mkuu wa kaya yake kwa jina lake. Mume anahesabiwa mara moja tu, kwenye chungu ambacho kisipopikwa yeye hulala njaa. Ukiwaandika wote chini ya jina la mume, watu 11 wanapata blanketi tatu, na mke mdogo anarudi nyumbani na ugomvi. Kwa upande wa pili, kaya yenye nyumba kijijini na dungu shambani isiandikwe mara mbili na wenyeviti wa vitongoji viwili. Dawa yake ni kubandika orodha ya majina na idadi ya watu kwenye ubao siku moja au mbili kabla. Usibandike namba za simu wala za vitambulisho. Majina yanatosha, majirani watafanya kazi iliyobaki. Watakuambia fulani alihamia Mbagala zamani, na fulani amesahauliwa.

Kila ukurasa uwe na kaya 20, na ufungwe wenyewe kabla ya kugeuza. Kaya zako 186 zingekuwa kurasa 10, wa mwisho ukiwa na kaya 6 na nafasi iliyobaki ikakatwa kwa mstari wa mshazari ili asiongezwe mtu. Tuchukue ukurasa wa nne, kaya ya 61 hadi ya 80. Tuseme kaya 9 ni ndogo na 11 ni kubwa, jumla watu 97. Blanketi ni 9 mara 2, yaani 18, na 11 mara 3, yaani 33. Jumla 51. Unga ni 97 mara 3, kilo 291. Sasa jumlisha safu zilizoandikwa. Zikitoa 51 na 291, ukurasa umefungwa, saini watatu. Zikitoa 50, kosa liko ndani ya mistari hii 20, watu hao bado wako chini ya mwembe wanafunga mizigo yao, na utalipata kwa dakika tano. Wewe sasa unalitafuta kati ya mistari 186, majuma kadhaa baadaye, na watu wamerudi mashambani. Sidhani kuna kanuni nyingine katika kazi hii inayookoa taabu nyingi kwa gharama ndogo kama hiyo.

Upande wa stoo uwe na leja yake, na mtunza leja asiwe mwandishi wa rejesta. Leja haijui kaya. Inajua kilichoingia, kilichotoka na salio. Asubuhi mzigo unaokwenda uwanjani unatolewa kwa hati yenye namba na saini mbili, na jioni kilichorudi kinaingizwa kwa hati pia. Kila jioni unauliza swali moja:

kilichotoka stoo = kilichogawiwa + kilichorudi + kilichoharibika

Msitoe marobota yote ishirini asubuhi kwa kuwa lori lipo. Toeni ya kurasa tatu nne. Kurasa nne za kwanza zikihitaji kama blanketi 205, marobota 9 yanatosha kwa akiba. Mzigo ulio stoo umefungwa kwa ufunguo, ule wa uwanjani umefungwa kwa macho tu, na macho hufika saa saba mchana yamechoka.

Kuhesabu salio ni jambo ambalo naona ulilifanya vizuri, ila sijui kama ulikuwa tayari unaijua namba uliyokuwa ukiitafuta. Anayehesabu asiwe ameona salio la daftari. Ukijua unatafuta 23, ukafika 21, mkono unahesabu tena, na tena, hadi macho yanakubali 23. Mpe kazi mtu wa tatu, mwalimu wa shule au mjumbe wa kitongoji kingine, ahesabu, aandike kwenye karatasi, aikunje. Ndipo mfungue leja na karatasi kwa pamoja. Unga uliofunguliwa upimwe kwa mizani, usikadiriwe kwa kuutazama mfuko.

Kopo nalo lisipimwe kwa kubahatisha. Kabla ya mgao lijaze, likate juu kwa kijiti kilichonyooka, lipime mara kumi, na kama kopo lililokatwa lina kilo 3 na gramu 100, tia alama ndani kwa msumari palipo kilo 3 kamili; likiwa na kilo 2 na gramu 900, badili kopo. Pima tena saa sita mchana, maana mpimaji anapochoka mkono hubadilika. Mnaweza pia kuufungasha unga usiku wa kuamkia mgao kwenye mifuko midogo kwa ukubwa wa kaya. Inachosha, lakini foleni inakwenda mara mbili kwa kasi na kichuguu cha juu ya kopo kinakuwa cha mizani, si cha huruma. Kama mna watu wa kutosha ningechagua hiyo.

Turudi kwenye upungufu wako. Baada ya kufanya niliyokueleza, ukurasa unaofuata wa mwisho wa mgao andika kwa maneno yako, ukitia namba ulizozikuta wewe, si hizi zangu za mfano. Ingeweza kusomeka hivi:

"Leo tumehesabu stoo mbele ya wajumbe watatu. Blanketi zilizopokelewa kwa hati 500, marobota hayakuhesabiwa ndani. Zilizogawiwa baada ya marekebisho ya mstari 118 na kuongezwa kaya 187 ni 481. Salio la daftari 19, zilizopo 16, pungufu 3, sababu haikupatikana. Unga uliopokelewa kilo 3,000, uliogawiwa kwa daftari kilo 2,724, salio kilo 276, uliopo kilo 223, pungufu kilo 53. Jaribio la makopo kumi lilitoa kilo 30.5, hivyo ziada ya kipimo inakadiriwa kilo 45. Kilo 8 zilizobaki sababu haikupatikana. Mifuko mitupu 55 imehesabiwa na ipo."

Wajumbe wasaini, nakala moja iende kwa mtendaji wa kata pamoja na taarifa ya mgao, nyingine ibaki nyuma ya daftari. Yule mwenzako aliyekushauri uongeze mojamoja naye asaini. Akikataa, andika kwamba alikuwepo na hakusaini, na tarehe.